Ombi Kamili la Habari: Sehemu Nne Zinazokuokoa Safari ya Pili

Mkaazi wa Kaunti ya Tana River ana haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa ofisi ya umma. Haki hiyo imo katika Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010, na utaratibu wake umewekwa na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Kwa mujibu wa sheria hiyo, ombi linaandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na mwombaji anatakiwa kueleza mambo ya kutosha ili afisa aelewe ni habari gani inayotakiwa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayowakwamisha wengi. Barua ikiandikwa kwa mkato, afisa hujibu kwa mkato. Mwombaji hurudi na swali la pili, na siku zinaanza kuhesabiwa upya. Kwa mtu anayetoka Kipini, Wayu au Bangale, kila swali la pili ni nauli nyingine na siku nyingine ya kazi iliyopotea.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuandika ombi linalojitosheleza kwa barua moja. Ombi la namna hiyo lina sehemu nne: kazi unayotaka afisa aifanye, nyaraka unazozitaka, watu watakaozitumia, na muundo unaotaka upewe. Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kijiji chenyewe na vipimo vyake ni vya kubuni, lakini hatua na nyaraka ni zile zile utakazokutana nazo.

Mfano wetu: silanga isiyofika mwisho wa kiangazi

Kijiji kimoja cha wafugaji na wakulima katika eneo bunge la Garsen kilichimbiwa silanga na serikali ya kaunti. Mvua ilipokatika, wakaazi walitarajia maji yawatoshe mpaka msimu unaofuata. Badala yake yaliisha mapema, na mifugo ikarudi kunyweshwa mtoni, ambako njia ya ng'ombe inapita kati ya mashamba. Kila mtu katika Delta anajua ugomvi unavyoweza kuanzia hapo.

Kamati ya maji ya kijiji ikaketi. Wengine walisema silanga haikuchimbwa kina kilichopangwa. Wengine walisema ilichimbwa sawa, ila mafuriko yaliijaza tope. Hakuna aliyekuwa na karatasi mkononi. Katibu wa kamati akaandika barua hii:

*"Tunaomba habari kuhusu mradi wa maji wa kijiji chetu. Tunataka kujua kwa nini kazi haikufanywa vizuri. Asante."*

Afisa akiipokea barua kama hiyo atajibu nini? Hajui ni mradi upi, kwa kuwa kijiji kimoja kinaweza kuwa na silanga ya kaunti, kisima cha hazina ya maendeleo ya eneo bunge na tangi la shirika la misaada. Hajui ni mwaka gani, wala karatasi gani. Na swali la "kwa nini kazi haikufanywa vizuri" halina faili lake ofisini. Jibu la haraka ni kwamba mradi ulikamilika na kukabidhiwa, na jibu hilo linaweza kuwa la kweli kabisa bila kumsaidia mtu yeyote.

Kwa kijiji hiki, muda una uzito wa pekee. Mikataba mingi ya ujenzi ina kipindi cha dhamana baada ya kazi kukabidhiwa, ambacho mara nyingi ni miezi 6 au 12 kulingana na mkataba. Katika kipindi hicho sehemu ya malipo ya mwanakandarasi huzuiliwa, na akigundulika kuwa na kasoro anaitwa arudi kurekebisha. Kipindi kikiisha, fedha hizo huachiliwa, na kumrudisha mwanakandarasi kunakuwa kugumu zaidi. Barua iliyoandikwa nusu inaweza kula wiki tatu kati ya miezi hiyo, na ya pili ikala tatu nyingine.

Sehemu ya kwanza: kazi unayotaka ifanywe

Anza kwa kueleza unataka afisa afanye nini hasa. Sheria inahusu habari ambazo ofisi tayari inazo. Kwa hiyo kazi unazoweza kumwomba ni chache na zinajulikana: akuonyeshe karatasi, akupe nakala yake, au akuthibitishie kwa maandishi kama karatasi hiyo ipo au haipo.

Kumwomba afisa aandike ripoti mpya, afanye uchunguzi au atoe maoni ni jambo lingine. Anaweza kukubali kwa hiari, lakini hilo halimo katika haki ya kupewa habari. Ndiyo maana maneno "eleza kwa nini" hudhoofisha ombi. Kama kuna uamuzi uliofanywa na sababu zake ziliandikwa, omba ile karatasi yenye uamuzi huo. Katika mfano wetu, kama kina cha silanga kilibadilishwa wakati wa kazi, badiliko hilo linapaswa kuwa na idhini iliyoandikwa, na idhini huwa na sababu yake. Pengine mhandisi alikuta mwamba, au maji ya chini ya ardhi yenye chumvi, akaamua kutoshuka zaidi. Ukiomba idhini hiyo utapata jibu la "kwa nini" bila ya kumwomba mtu ajitetee.

Kazi ya kuthibitisha kama karatasi ipo au haipo husahauliwa mara nyingi, nayo ni muhimu. Ukiandika "kama hakuna idhini ya mabadiliko, tafadhali tuthibitishie hivyo", hata jibu la "haipo" linakuwa habari. Usipoandika, utapewa karatasi tatu kati ya nne, nawe hutajua kama ya nne imesahauliwa au haikuwahi kuandikwa.

Sehemu ya pili: nyaraka unazozitaka

Hapa ndipo pa kukaa zaidi. Lazima afisa aweze kulifikia faili bila kukupigia simu. Mpe mambo manne: jina la mradi, mahali ulipo, mwaka wa fedha, na aina ya karatasi.

Jina la mradi liandike kama lilivyo kwenye kibao cha mradi, hata kama kijijini mnaliita kwa jina lingine. Kama kibao kimeanguka, jina linaweza kupatikana katika vitabu vya bajeti ya kaunti au katika mpango wa maendeleo wa mwaka. Taja kijiji, lokesheni na wadi.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Mradi unaweza kuwekwa kwenye bajeti ya mwaka mmoja, ukachimbwa mwaka unaofuata, na kulipwa nusu baadaye. Ukitaja mwaka mmoja tu, afisa anaweza kutafuta katika faili la mwaka huo, akakosa malipo, na kukujibu kuwa hakuna. Kama hujui kwa hakika, taja miaka miwili inayofuatana.

Sasa aina ya karatasi. Mradi wa ujenzi wa serikali huacha alama zake katika nyaraka kadhaa, na kila moja hujibu swali lake.

Ya kwanza ni orodha ya kazi, vipimo na bei, ambayo wanakandarasi huiita BQ. Hii husema nini kiliagizwa: mita za ujazo za udongo wa kuchimbwa, urefu wa ua, idadi ya birika za kunyweshea mifugo. Pamoja nayo kuna mchoro unaoonyesha urefu, upana, kina na mteremko wa kingo.

Ya pili ni idhini ya mabadiliko ya kazi, kama ilitolewa. Hii husema nini kilibadilishwa baada ya mkataba kutiwa sahihi.

Ya tatu ni karatasi za vipimo vilivyochukuliwa kazi ilipomalizika, pamoja na cheti cha kamati ya ukaguzi na upokeaji. Hizi husema nini kilikutwa pale chini siku ya makabidhiano.

Ya nne ni mkataba wenyewe, ambamo urefu wa kipindi cha dhamana umeandikwa.

Wengi huomba BQ peke yake. Tazama kwa nini haitoshi. Tuseme BQ ya silanga yetu inasema udongo wa kuchimbwa ni mita za ujazo 12,000. Mchoro unaonyesha mdomo wa mita 80 kwa 60, kina cha mita 3, na kingo zinazoteremka mita 1 kwa kila mita 2 za kwenda mbele. Kamati inachukua kamba na kupima. Mdomo ni mita 80 kwa 60 kama ilivyoagizwa. Lakini sakafu ni mita 72 kwa 52, na kina ni mita 2 tu.

Ujazo unaweza kukadiriwa na mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi. Chukua wastani wa urefu wa juu na wa chini, 80 na 72, upate 76. Chukua wastani wa upana, 60 na 52, upate 56. Zidisha 76 kwa 56, kisha kwa kina cha 2. Jibu ni mita za ujazo 8,512. Kuna pengo la karibu mita 3,500 kati ya kilichoagizwa na kilichopo leo.

Pengo hilo lina maelezo matatu yanayowezekana. Huenda udongo haukuchimbwa wote. Huenda kina kilipunguzwa kwa idhini, na malipo yakapunguzwa pia. Au huenda silanga ilichimbwa kamili, kisha maji ya mafuriko yakaleta tope la mita moja. BQ haiwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo matatu. Karatasi ya vipimo vya siku ya makabidhiano ndiyo inayoamua. Ikionyesha kina cha mita 3, tatizo ni tope, na dawa yake ni kuchimbua na kupanda nyasi kwenye njia ya maji. Ikionyesha mita 2 bila idhini ya mabadiliko, hapo ndipo kamati ina hoja ya kumwitisha mwanakandarasi kabla dhamana haijaisha. Kijiji kilichopata BQ peke yake kinaweza kumtuhumu mtu asiye na hatia, au kunyamaza pale palipo na haki yake.

Jihadhari pia na kosa la upande wa pili, la kuomba "nyaraka zote". Faili la zabuni linaweza kuwa na mamia ya kurasa, zikiwemo barua za wazabuni walioshindwa. Ombi pana kiasi hicho hugharimu nakala nyingi, na sheria inamruhusu afisa kuongeza siku pale habari zinazotakiwa ni nyingi. Aidha, baadhi ya karatasi zinaweza kuwa na mambo ambayo sheria imeyalinda, kama habari za siri za kibiashara za kampuni au mambo ya binafsi ya watu.

Sehemu ya tatu: watakaozitumia habari

Tuweke wazi kwanza: hulazimiki kueleza sababu ya ombi lako. Sheria inasema haki yako haiathiriwi na sababu unayotoa, wala na dhana ya afisa kuhusu sababu zako. Afisa akikuuliza "unataka za nini?", unaweza kukataa kwa adabu.

Hata hivyo, kutaja ni nani atakayezisoma hukusaidia wewe. Afisa anayejua kuwa karatasi zitasomwa kwenye baraza chini ya mti atachagua tofauti na anayedhani zinaenda kwa wakili. BQ ina ukurasa wa muhtasari unaoonyesha jumla ya kila sehemu ya kazi. Wasomaji wa barazani wanahitaji ukurasa huo, pamoja na sehemu moja ya uchimbaji. Hawahitaji kurasa za masharti ya jumla. Afisa hatajua hivyo usipomwambia.

Sentensi moja au mbili zinatosha. Sema ni watu gani, watazipata kwa njia gani, na kipi kitawatatiza. Kwa mfano: "Habari hizi zitasomwa kwa sauti katika mkutano wa kijiji. Wengi wa wanakamati wanasoma Kiswahili, na baadhi ya wazee watatafsiriwa kwa Kipokomo na Kiorma."

Hapo utakutana na kikwazo cha lugha. Nyaraka nyingi za kandarasi zimeandikwa kwa Kiingereza. Ukiomba nakala, tarajia kuipata kama ilivyo kwenye faili. Usiweke tafsiri kuwa sharti la ombi lako, maana unaweza kulichelewesha lote. Badala yake, mwishoni mwa barua weka ombi la pili lililotengwa: kwamba afisa wa maji wa kaunti ndogo afike barazani siku fulani aeleze vipimo kwa Kiswahili. Hilo ni ombi la hisani. Likikataliwa, lile la kwanza linabaki na nguvu yake.

Sehemu ya nne: muundo unaoutaka

Kwa kawaida habari hutolewa pale zilipohifadhiwa na kwa hali iliyopo, isipokuwa mwombaji ameomba muundo mwingine na inawezekana kuutoa. Usiposema kitu, basi, unaweza kuitwa Hola kutazama faili mezani. Kwa mtu wa Kipini hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo andika unataka nini: kutazama tu, nakala ya karatasi, nakala iliyothibitishwa kwa muhuri, au faili la kielektroniki. Faili la PDF linalotumwa kwa barua pepe halina gharama ya kurudufu na linasomeka kwenye simu. Nakala yenye muhuri inafaa kama karatasi itapelekwa mbele ya tume au mahakama. Kwa mkutano wa kijiji, nakala ya kawaida inatosha.

Michoro ina tatizo lake. Huchorwa kwenye karatasi kubwa, na ikipunguzwa kuwa A4 tarakimu za vipimo hazisomeki. Omba mchoro kwa ukubwa wa A3, au omba ruhusa ya kuupiga picha kwa simu sehemu kwa sehemu.

Taja pia mahali pa kuchukulia. Unaweza kuomba nakala ziachwe katika ofisi ya kaunti ndogo iliyo karibu nawe, kama ile ya Tana Delta mjini Garsen.

Kuhusu gharama, kuwasilisha ombi ni bure. Unaweza kutozwa gharama halisi ya kurudufu na kutuma nakala, wala si zaidi. Ukitaka, weka kikomo: "Kama gharama itazidi shilingi 500, tafadhali tujulisheni kwanza."

Barua yote kwa pamoja

Sasa katibu wa kamati anaiandika upya. Nafasi zenye nukta zinajazwa na mwombaji.

*Kwa: Afisa wa Upatikanaji wa Habari,*
*Serikali ya Kaunti ya Tana River, Hola.*
*Kupitia: Ofisi ya Kaunti Ndogo ya Tana Delta, Garsen.*

*Tarehe: ……*

*KUHUSU: OMBI LA HABARI CHINI YA SHERIA YA UPATIKANAJI WA HABARI YA MWAKA 2016*

*Mimi ni raia wa Kenya, mwenye kitambulisho nambari ……, na ni katibu wa kamati ya maji ya kijiji cha ……, Wadi ya …….*

*Naomba nipewe nakala za nyaraka zifuatazo za mradi wa silanga unaoitwa "……" kwenye kibao cha mradi, miaka ya fedha …… na ……:*

*1. Ukurasa wa muhtasari wa BQ, na sehemu ya BQ inayohusu uchimbaji, ua na birika.*
*2. Mchoro wa silanga wenye vipimo.*
*3. Idhini yoyote ya mabadiliko ya kazi.*
*4. Karatasi za vipimo vya mwisho, na cheti cha kamati ya ukaguzi na upokeaji.*
*5. Ukurasa wa mkataba unaotaja kipindi cha dhamana.*

*Kama mojawapo haipo, naomba nithibitishiwe hivyo kwa maandishi. Kama sehemu ya karatasi haiwezi kutolewa, naomba nipewe sehemu iliyobaki.*

*Habari hizi zitasomwa kwa sauti katika mkutano wa kijiji, ambako wengi wanasoma Kiswahili.*

*Naomba faili la PDF kwa barua pepe ……. Kama haiwezekani, naomba nakala za karatasi ziachwe katika ofisi ya kaunti ndogo, Garsen, na mchoro uwe wa ukubwa wa A3. Gharama ikizidi shilingi 500, naomba nijulishwe kwanza kwa simu ……*

*Mbali na ombi hili, tutashukuru kama afisa wa maji ataweza kufika katika baraza letu la tarehe …… kutueleza vipimo hivyo.*

*Wako mwaminifu, ……*

Barua nzima inaingia katika ukurasa mmoja. Linganisha na ile ya kwanza. Hakuna lawama wala tuhuma ndani yake, na afisa anayeipokea anajua afungue kabati gani.

Kama huwezi kuandika, kwa sababu hukusoma au una ulemavu, sheria inamtaka afisa akusaidie. Utamweleza kwa mdomo, yeye ataandika, kisha atakupa nakala ya alichokiandika. Isikilize ikisomwa kabla ya kuondoka, na hakikisha sehemu zote nne zimo. Ofisi ikiwa na fomu yake, unaweza kuitumia, lakini ombi halikataliwi kwa sababu tu halikuandikwa kwenye fomu hiyo.

Baada ya kupeleka

Peleka nakala mbili. Moja inabaki ofisini, na ya pili igongwe muhuri wenye tarehe ya kupokelewa. Siku zinahesabiwa kuanzia tarehe hiyo, na bila muhuri huna pa kuanzia kuhesabu.

Afisa anatakiwa kutoa uamuzi haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya siku 21. Kama habari ni nyingi au lazima ashauriane na wengine, anaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Anayeomba orodha ya maeneo salama ya kuhamia huku mto Tana unapanda anaweza kutumia kipengele hicho, lakini aseme hivyo wazi katika mstari wa kwanza wa ombi.

Huenda karatasi hizo ziko ofisi nyingine. Hili ni la kawaida kwetu, kwa sababu silanga moja inaweza kuwa ya kaunti, nyingine ikawa ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, na mradi wa umwagiliaji ukawa wa TARDA. Ukikosea mlango, afisa anaweza kulihamisha ombi kwa ofisi husika katika siku 5 tangu kulipokea, na akujulishe kabla ya siku 7 kupita. Uhamisho huo hauanzishi hesabu mpya ya siku 21.

Ukikataliwa, lazima upewe sababu. Siku zikipita bila jibu, sheria inahesabu ukimya huo kuwa ni kukataliwa. Katika hali zote mbili unaweza kuiandikia Tume ya Haki za Utawala, ambayo hujulikana kwa vifupisho vya CAJ, ipitie uamuzi huo. Fanya hivyo ndani ya siku 30. Ambatanisha ile nakala yako yenye muhuri. Hapo ndipo barua kamili hulipa mara ya pili, kwani tume itaona kwa macho kwamba afisa alielezwa vya kutosha.

Kagua kabla ya kutia sahihi

Mpe barua mtu asiyejua habari za mradi wako, kisha muulize maswali manne. Afisa ameombwa afanye nini? Ni karatasi zipi, za mradi upi na mwaka upi? Nani atazisoma? Zitatolewa kwa hali gani na zichukuliwe wapi? Swali atakaloshindwa kulijibu kutokana na barua yenyewe ndilo ambalo afisa naye atakuuliza, na ni afadhali uliulizwe kijijini kuliko Hola.